FEDHA ZA PANGO ZILIKWENDA WAPI?

Na Mwandishi Wetu

JUMAPILI moja ya Januari 2024, watoto watatu wa marehemu mmoja walikutana uani mwa nyumba aliyowaachia baba yao huko Temeke, Dar es Salaam. Mkeka ulitandikwa kando ya banda anakoishi dada yao mkubwa, ambaye ndiye msimamizi wa nyumba. Baba yao mdogo alikuwa mwenyekiti wa kikao. Mimi niliitwa kwa ujirani tu, kwa kuwa yasemekana mtu wa gazeti hujua hesabu.

Shauri lenyewe lilikuwa zito. Nyumba hiyo ni ya vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, kama zilivyo nyumba nyingi za Kiswahili mjini. Chumba cha mbele ni duka, na pango lake ni Sh. 100,000 kwa mwezi. Vyumba vitano vilivyobaki ni vya kulala, kila kimoja Sh. 60,000. Ukijumlisha, nyumba inapaswa kuingiza Sh. 400,000 kwa mwezi, yaani Sh. 4,800,000 kwa mwaka. Warithi ni watatu, basi kila mmoja alitarajia Sh. 1,600,000. Lakini ulipokwisha mwaka 2023, dada alimkabidhi kila mmoja Sh. 1,060,000, naye akatwaa kiasi hicho hicho.

"Dada, hatusemi kwamba umekula," alisema mdogo wake wa kwanza huku akitazama chini. "Lakini shilingi 1,620,000 hazina miguu."

Yule mama hakujibu. Alifungua pindo la kanga yake, akatoa daftari la kurasa 96 lililokwisha kuchakaa kingo, akanipa mkononi.

"Kila senti iliyoingia na kutoka nimeiandika humu, mwanangu," alisema. "Kuandika naweza. Kukisoma nilichokiandika ndiko kunakonishinda."

Ndugu msomaji, familia hiyo imeniruhusu nikueleze yaliyomo katika daftari lile, bila ya kutaja majina. Nimeona nikueleze kwa sababu ugomvi kama huu nimeukuta katika nyumba nyingi, na mara nyingi ndugu hutupiana lawama juu ya fedha ambazo hakuna aliyezila. Kabla hatujaendelea, tupatane juu ya neno moja. Katika lugha yetu "kodi" ni ile anayolipa mpangaji, na pia ni ile inayolipwa Serikalini. Ili tusichanganyikiwe, humu nitaita ya kwanza "pango", na ya pili peke yake nitaiita "kodi".

DAFTARI LISILOONYESHA KITU

Daftari la yule mama lilikuwa safi. Kila ukurasa ulikuwa na tarehe, chumba, na kiasi kilichopokewa au kutumika. Ila lilikuwa na kasoro moja kubwa, ambayo si yake peke yake. Daftari la mapokezi huonyesha fedha zilizoingia tu. Fedha ambazo hazikuingia hazina mstari wake. Chumba kikikaa kitupu miezi minne, daftari hunyamaza miezi minne, na kimya hakijumlishwi.

Kwa hiyo kazi yetu ya kwanza haikuwa kujumlisha. Tulichukua karatasi kubwa, tukachora safu sita za kulala kwa vyumba sita, na safu kumi na mbili za kusimama kwa miezi kumi na miwili. Tukapata visanduku 72. Kila kisanduku ni chumba kimoja kwa mwezi mmoja, na ndani yake tuliandika herufi moja tu kati ya tatu. L maana yake pango la mwezi huo limelipwa. D maana yake mtu alikaa humo lakini hakulipa, ni deni. T maana yake chumba kilikuwa kitupu.

Kanuni ya kuijaza karatasi hiyo ni moja, nayo ndiyo yenye kuwashinda wengi. Malipo huandikwa katika mwezi yanaohusu, wala si katika mwezi yaliyopokewa. Mpangaji wa chumba cha pili ni mwalimu, naye hulipa kwa miezi mitatu mitatu. Siku chache kabla ya kwenda kwao kwa sikukuu ya Krismasi, mwalimu huyo alilipa Sh. 180,000 kwa ajili ya Januari, Februari na Machi 2024. Daftarini fedha hizo zipo Desemba 2023. Lakini chumba chake hakijazitumikia bado. Ni fedha za mwaka mwingine zilizotangulia kufika, na katika karatasi yetu hazikupata kisanduku.

Tulipomaliza kujaza, jioni ilikwisha ingia. Visanduku vya L vilikuwa 57, vya D vilikuwa 6, na vya T vilikuwa 9. Jumla yake ni 72, basi hakuna mwezi uliotuponyoka. Baba mdogo aliisogeza karatasi karibu na taa, akaitazama kwa muda, kisha akasema, "Kumbe nyumba inaongea." Nasi tukaanza kuisikiliza.

MIEZI TISA MITUPU

Visanduku tisa vitupu kati ya 72 ni sehemu moja ya nane. Ni sawasawa na kukifunga chumba kimoja kwa kufuli kwa miezi tisa. Vyote vilikuwa katika vyumba vya Sh. 60,000, hivyo pango lililopotea kwa utupu ni Sh. 540,000. Katika kikao kizima hakuna aliyekuwa amelitaja jambo hili, kwa sababu chumba kitupu hakina mtu wa kumlaumu.

Lakini utupu una sababu, na sababu hazifanani. Chumba cha tano kilikuwa kitupu Desemba tu. Chumba cha tatu kilikaa kitupu miezi minne mfululizo, Aprili hadi Julai. Chumba cha sita nacho kilikuwa na miezi minne, lakini haikufuatana. Ilikuwa Mei na Juni, halafu tena Novemba na Desemba.

Tuanze na cha tatu. Mpangaji wake alihama mwisho wa Machi. Mdogo mtu wa pili alikuwa amesikia kwamba nyumba ya mtaa wa pili imepangisha chumba kwa Sh. 75,000, akamshauri dada yake asikubali chini ya hapo. Watu walikuja, wakatazama, wakaondoka. Dalali alileta wengine watatu, nao waliposikia bei, na juu yake ile ada ya dalali ambayo mpangaji mwenyewe huilipa, wakaenda zao. Mwezi wa Agosti mama alichoka kungoja, akakipangisha kwa Sh. 60,000 zile zile.

Hebu tupime shauri lile, msomaji, kwa kulifanyia hisani. Tuseme kwamba mwezi mmoja kati ya ile minne ungalikuwa mtupu kwa vyovyote, kwa ajili ya kupaka rangi na kutafuta mtu. Iliyobaki mitatu ni ya kungojea bei, nayo iligharimu Sh. 180,000. Sasa tuseme mwezi Agosti angalipatikana mpangaji wa Sh. 75,000. Ziada yake juu ya bei ya zamani ingalikuwa Sh. 15,000 kwa mwezi. Ili kurudisha Sh. 180,000 ingalihitajika miezi kumi na miwili, yaani mwaka mzima, na mpangaji huyo asihame wala asichelewe hata mara moja. Hivyo kungoja kulikuwa hasara hata kama bei ingalipatikana, angaa kwa mwaka wa kwanza.

Sisemi kwamba pango lisipandishwe kamwe. Bei ya saruji na ya mabati hupanda, na nyumba hula. Nasema tu kwamba kabla ya kungojea bei mpya, mwenye nyumba agawe pango la miezi anayotaka kungoja kwa ile ziada anayoitarajia. Jibu atakalopata ndiyo idadi ya miezi ya kufidia kungoja kwake. Ikiwa jibu ni refu kuliko muda ambao wapangaji wake kwa kawaida hukaa, basi afungue mlango kwa bei iliyopo.

CHUMBA KINACHOHAMWA NA MVUA

Chumba cha sita kilikuwa na hadithi nyingine. Dada alisema kwamba chumba kile "hakina bahati ya watu". Mpangaji wa kwanza aliondoka mwisho wa Aprili. Wa pili aliingia Julai, akaondoka mwisho wa Oktoba. Mama alidhani ni tabia za vijana wa siku hizi.

Tuliweka karatasi ya visanduku pembeni ya ukurasa wa matumizi. Katika ukurasa ule fundi wa paa alikuwa ameitwa mara tatu. Aliitwa Aprili akalipwa Sh. 85,000, Mei Sh. 70,000, na Novemba Sh. 95,000. Aprili na Mei ni masika. Novemba ni vuli, na vuli ya 2023 ilikuwa kali kwa sababu ya El Nino. Wapangaji hawakuhama ovyo. Walihama mvua ilipowaingilia.

Wengi hukosea hapa, kwa maana matengenezo huandikwa upande mmoja wa daftari na pango upande mwingine, wala hayaonani. Ukiyakutanisha, chumba hiki kimoja kilikula Sh. 250,000 za viraka, na kikapoteza Sh. 240,000 kwa utupu. Jumla ni Sh. 490,000, na pango lililopatikana humo kwa mwaka mzima ni Sh. 480,000. Kwa maneno mengine, familia ilikuwa ikimlipa fundi na mvua ili chumba kiwepo.

Fundi huyo huyo alikuwa amesema tangu Mei kwamba kiraka hakitafaa, kwa kuwa mabati ya upande ule yameliwa na kutu na boriti mbili zimeoza. Kuyabadilisha yote ya upande ule alidai Sh. 380,000. Kila mara jibu lilikuwa kwamba fedha hizo ni nyingi. Ilikuwa kweli kwamba ni nyingi kwa siku moja, lakini kwa mwaka zilikuwa pungufu kuliko hasara.

Lazima niseme pia mpaka wa hesabu hii. Hatuwezi kuapa kwamba miezi yote minne ilitokana na paa. Huenda mpangaji mmoja angalihama hata bila ya mvua, na mwezi mmoja wa kutafuta mwingine ungalikuwapo. Lakini hata ukiondoa mwezi mmoja au miwili, viraka pamoja na utupu uliobaki vinakaribia au kupita gharama ya kulitengeneza paa mara moja.

MWENYE DENI NI YUPI?

Tulipofika kwenye madeni, sauti zilipanda. Wadogo wote wawili walikuwa na jina moja mdomoni, nalo ni la fundi cherehani wa chumba cha nne. Huyu ni mama mwenye watoto wawili, na ndiye aliyelalamikiwa mwaka mzima. Katika daftari chumba chake kimeandikwa mara 23. Leo amelipa Sh. 20,000, wiki ijayo Sh. 40,000, mwezi mwingine akaruka na kufidia uliofuata. Shauri lililoletwa kikaoni lilikuwa kwamba apewe notisi, atoke, na chumba chake kipangishwe kwa bei mpya.

Karatasi ya visanduku ilisema jambo jingine. Safu ya chumba cha nne ilikuwa na L kumi na moja na D moja tu, ya Desemba. Mama yule alikuwa amelipa Sh. 660,000 kati ya Sh. 720,000. Deni lake lote lilikuwa Sh. 60,000, na umri wake haujafika miezi miwili.

Halafu tukatazama chumba cha tano. Humo alikaa kijana nadhifu mwenye kazi ya ofisini, ambaye hakuna aliyemnung'unikia. Januari alilipa miezi sita kwa mkupuo, Sh. 360,000, akapendwa na kila mtu. Miezi sita ilipokwisha, hakulipa tena. Julai alisema mshahara umechelewa. Agosti alisema yuko safarini. Novemba, usiku mmoja, alihamisha godoro lake akaondoka. Safu yake ilikuwa na L sita, D tano, na T moja. Deni lake ni Sh. 300,000.

Basi kati ya madeni ya Sh. 360,000, sehemu tano kati ya sita zilikuwa za mtu aliyesifiwa, na sehemu moja ni ya mtu aliyetakiwa kufukuzwa.

Unaona sababu yake, msomaji. Anayelipa kidogo kidogo huonekana daftarini kila wiki, na kila akionekana hukumbusha kwamba anadaiwa. Aliyekoma kulipa haonekani kabisa. Pango la miezi sita kabla humlinda mwenye nyumba kwa miezi hiyo sita tu, na hatari huanza siku ya kwanza ya mwezi wa saba, wakati ambapo mwenye nyumba amekwisha kuzoea kutomdai mpangaji wake.

Kwa hiyo deni lisipimwe kwa ukubwa wake peke yake. Lipimwe kwa umri, na kwa tarehe ya malipo ya mwisho. Fundi cherehani alikuwa amelipa mara ya mwisho siku tisa kabla ya kikao. Kijana yule, kama mtu angalifungua daftari tarehe 31 Agosti na kuuliza swali hilo, angaliona kwamba malipo yake ya mwisho ni ya Januari, na kwamba D zake ni mbili zinazofuatana. Siku ile deni lilikuwa Sh. 120,000. Sh. 180,000 nyingine zilikua baadaye, machoni pa watu wote.

Mdogo mtu wa kwanza aliuliza kama zile Sh. 300,000 haziwezi kuhesabiwa kuwa mali ya familia, kwa maana deni ni haki. Ni haki kweli, lakini haki isiyo mkononi haigawanywi. Kijana yule hakuwa na mkataba uliopita kwa Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, wala mdhamini, wala hakuna aliyejua amehamia wapi. Tulikubaliana deni hilo liandikwe katika ukurasa wake peke yake. Likilipwa, litakuwa pato la mwaka litakapolipwa.

Kuhusu fundi cherehani tulifanya hesabu moja zaidi. Kama angalitolewa, kwa uzoefu wa nyumba ile chumba chake kingalikaa kitupu mwezi mmoja kwa uchache, yaani Sh. 60,000, pamoja na rangi na kitasa. Kumbe familia ilitaka kupoteza Sh. 60,000 kwa hasira ya Sh. 60,000.

Baba mdogo aliagiza aitwe. Alikuja na tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni, akapiga goti kuwasalimu wazee.

"Shikamoo, baba. Deni nalijua," alisema. "Mimi sipokei mshahara wa mwezi. Gauni likichukuliwa leo ndipo napata leo."

Ikakubaliwa alipe Sh. 15,000 kila Jumamosi. Jumamosi nne ni pango la mwezi mmoja. Na kwa kuwa mwaka una Jumamosi 52, wakati miezi kumi na miwili ya Jumamosi nne nne ni 48, zinabaki nne za ziada. Nne hizo ni Sh. 60,000, ndilo deni lake lote. Bila ya kuongezewa hata shilingi, mwaka ukiisha atakuwa hadaiwi.

MATUMIZI YA NYUMBA

Upande wa matumizi ulikuwa rahisi, kwa sababu dada alikuwa amehifadhi stakabadhi katika kopo la maziwa. Kunyonya choo mara mbili kulichukua Sh. 240,000. Viraka vya paa, kama tulivyoona, Sh. 250,000. Rangi, vitasa na mlango mmoja baada ya wapangaji kuhama, Sh. 140,000. Zilizokatwa katika pango la duka zilikuwa Sh. 120,000. Wadogo zake hawakuwa wakizijua hizo, nami nitazieleza kidogo. Kwa sheria ya kodi ya mapato, mpangaji wa biashara anapolipa pango hukata asilimia 10 na kuiwasilisha Mamlaka ya Mapato kwa niaba ya mwenye nyumba. Kwa hiyo dada aliandika Sh. 100,000 kila mwezi daftarini, lakini mkononi alipata Sh. 90,000. Hati za makato zilikuwamo koponi.

Kifungu cha mwisho ni pengo la umeme na maji, pamoja na kodi ya jengo, ambayo tangu 2021 hukatwa mtu anunuapo umeme wa LUKU. Jumla yake Sh. 150,000. Mita ya umeme ni moja na ya maji ni moja, na wapangaji huchangia kwa vyumba. Chumba kikiwa kitupu mchango wake hukoma, lakini taa ya ukumbini na maji ya kusafishia choo havipungui kwa kadiri hiyo. Pengo hulizibwa na msimamizi. Kwa hiyo mwezi mtupu hugharimu zaidi ya pango lake.

Matumizi yote ni Sh. 900,000.

HESABU KAMILI

Saa mbili usiku niliweza kuandika mistari saba chini ya ile karatasi:

Pango la vyumba sita kwa mwaka: Sh. 4,800,000
Toa miezi tisa mitupu: Sh. 540,000
Pango lililostahili kulipwa: Sh. 4,260,000
Toa madeni: Sh. 360,000
Pango la 2023 lililolipwa: Sh. 3,900,000
Toa matumizi: Sh. 900,000
Baki halisi: Sh. 3,000,000

Sh. 3,000,000 kwa warithi watatu ni Sh. 1,000,000 kila mmoja. Lakini dada alikuwa amewapa Sh. 1,060,000. Kikao kilinyamaza. Wadogo zake walikuja kudai upungufu, na hesabu ikawaambia kwamba wamepokea zaidi.

Sh. 60,000 hizo za kila mmoja zilitoka wapi? Ni zile Sh. 180,000 za mwalimu wa chumba cha pili, alizolipa kabla ya safari. Fedha zilizoingia mwaka mzima daftarini zilikuwa Sh. 4,080,000. Ukitoa matumizi ya Sh. 900,000 zinabaki Sh. 3,180,000, na hizo ndizo dada alizozigawa mafungu matatu, hadi shilingi ya mwisho. Hakuficha hata senti. Kosa lake, kama ni kosa, ni kwamba aligawa pango la miezi mitatu ambayo ilikuwa haijafika, na hakubakiza chochote kwa ajili ya paa. Mwaka mpya ulianza nyumba ikiwa haina akiba, na chumba cha pili hakitaingiza kitu hadi Aprili.

"Niliogopa mngesema nimeficha," yule mama alisema polepole. "Ndiyo maana nilizitoa zote."

Mdogo wake wa kwanza aliinuka, akaenda kukaa upande wa mkeka aliokaa dada yake. Hakusema neno, na hakuna aliyemtaka aseme.

Baba mdogo alitoa uamuzi. Kila mrithi, pamoja na dada mwenyewe, arudishe Sh. 60,000 zilizozidi, zipatikane Sh. 180,000 kwa ajili ya mabati. Sh. 200,000 zilizobaki katika madai ya fundi zitoke katika pango la Januari na Februari kabla ya mgawo wowote, ili kazi ikamilike kabla ya masika. Fundi cherehani abaki. Atakayeingia chumba cha tano awe na mkataba ulioshuhudiwa Serikali ya Mtaa. Na tarehe ya mwisho ya kila mwezi dada ajaze visanduku sita tu katika karatasi mpya, L, D au T, kisha karatasi ibandikwe nyuma ya mlango wa banda lake, mahali ambapo kila ndugu aingiaye ataiona.

Nilipita pale tena Mei 2024, katikati ya mvua. Chumba cha sita kilikuwa na mpangaji wake tangu Machi, na ndoo haikuwapo tena sakafuni. Masika moja haitoshi kuthibitisha paa, nami nilimwambia hivyo mama mwenye nyumba.

"Najua, mwanangu," alinijibu, akifungua mlango wa banda ili niione karatasi. "Bado visanduku saba kabla ya kumaliza mwaka. Tutaonana Januari."